Raga ya vitambaa Chole: Mchezo ambao pasi ya mbele ni kosa

MWAMBIE shabiki wa Simba au Yanga kwamba kuna mchezo ambao ukipiga pasi ya mbele kwa mkono refa anapuliza filimbi, atakuuliza swali moja tu: sasa timu inafikaje golini?

Swali ni la haki. Na ndilo hilo hilo atakaloliuliza mwanafunzi wa darasa la tano katika kata ya Chole, wilayani Kisarawe, siku mwalimu atakapomkabidhi mpira mkononi na kumwambia apasie nyuma. Chole hii ni ya bara, mkoani Pwani, siyo kile kisiwa cha Mafia. Mtoto wa huku amekua na chandimu, na chandimu haijawahi kumfundisha mtu kurudisha mpira nyuma ili aende mbele.

Mchezo wenyewe ni raga ya tegi. Ni ile raga ambayo Wakenya wameitangazia dunia, lakini imetolewa kumkaba mtu mwilini, kusukumana na kuangushana. Tegi ni kitambaa. Kila mchezaji anavaa viwili kiunoni, kimoja kila nyonga, na badala ya kumwangusha mwenye mpira, mkabaji ananyofoa kitambaa kimoja. Basi. Hakuna kugusana zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo sababu mchezo huu unawafaa walimu wenye darasa la wavulana na wasichana pamoja. Kwenye kipindi cha michezo cha shule nyingi, mpira ukishatolewa wavulana wanaondoka na soka, wasichana wanaachiwa netiboli, na asiye mzuri kwa chochote anakaa kivulini. Raga ya tegi inaweza kuwaweka wote uwanja mmoja, ila kwa sharti: sheria zake zishikwe kama zilivyo. Zikilegezwa kidogo tu, mchezo unageuka kuwa wa kuvutana mashati, na wa kwanza kuondoka uwanjani ni wasichana.

Soka nayo ilianzia huko

Kabla shabiki wa soka hajaucheka mchezo wa kupasi nyuma, akumbuke kwamba soka yenyewe ilianza hivyo. Chama cha Soka cha England kilipoandika sheria zake za kwanza London mwaka 1863, mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira wakati mwenzake anaupiga alihesabiwa yuko nje ya mchezo. Hakuruhusiwa kuugusa wala kumzuia mpinzani. Straika wa kusubiri mbele hakuwepo, kwa sababu kusimama mbele ya mpira kulikuwa ni kuotea moja kwa moja.

Mwaka 1866 soka ikalegeza: ukaruhusiwa kuwa mbele ya mpira mradi wapinzani watatu wawe kati yako na mstari wa goli. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili. Huko ndiko kuotea tunakokujua leo kulikotoka. Raga haikulegeza. Ilibaki na ile kanuni ya zamani kwamba mpira ndio mstari, na ukiwa mbele yake huna kazi.

Hata sheria ya kuotea ya leo bado ina alama ya jambo hilo. Mchezaji wa soka aliye nyuma ya mpira mwenzake anapoupiga hawezi kuotea, hata kama mabeki wote wamepitwa. Ndiyo maana winga akifika mstari wa goli na kurudisha krosi nyuma kwa anayekuja kwa kasi, mshika kibendera hana la kusema. Mwalimu wa Chole akitaka watoto waelewe raga kwa dakika moja, aanzie hapo: kila pasi ni ile krosi ya kurudisha nyuma, na kila mchezaji ni yule anayetokea nyuma kuja kumalizia.

Kitambaa kifungwe vipi

Mikanda ya dukani ina vitambaa vinavyonata na kubanduka. Shule isiyo nayo inaweza kutumia vipande vya kitenge au kanga chakavu, vyenye upana wa vidole vitatu na urefu wa kama sentimita 40. Kiunoni unavaliwa mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na ncha ya kitambaa inachomekwa hapo. Sehemu kubwa ya kitambaa ining'inie nje, ionekane.

Neno muhimu ni kuchomeka. Kitambaa kisifungwe kamwe. Kikifungwa fundo, mkabaji akivuta anamvuta mtu, na mtoto anaanguka kwenye ardhi ngumu. Mwalimu apite mstari mzima kabla ya kuanza na kuvuta kitambaa kimoja cha kila mtoto kwa vidole viwili. Kisipotoka kirahisi, kichomekwe upya.

Mkanda unavaliwa juu ya nguo, na shati au fulana inachomekwa ndani ili isifunike tegi. Hapo binti mwenye hijabu na suruali ndefu, na kijana mwenye bukta, wanakuwa sawa: wote wana vitambaa viwili vinavyoonekana. Aliyevaa sketi ya shule apewe suruali au bukta ya kuvaa ndani, maana bila hivyo atakimbia huku ameshika sketi, na mkono wake mmoja hautakuwa kwenye mpira.

Mwenye mpira haruhusiwi kukinga kitambaa chake kwa mkono wala kumsukuma mkabaji. Mkabaji naye haruhusiwi kushika nguo, kumzuia mtu kwa mwili au kuupokonya mpira. Hakuna kupiga mpira kwa mguu, na hakuna kujirusha chini. Anayefunga anaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho huku amesimama kwa miguu yake. Hiyo inaitwa trai.

Kitambaa kikinyofolewa

Hapa ndipo mchezo ulipo. Mkabaji akinyofoa kitambaa anakiinua juu na kupaza sauti, "Tegi!" Mwenye mpira anatakiwa kusimama na kutoa pasi ndani ya sekunde tatu. Akishaitoa, anarudishiwa kitambaa chake mkononi na kukichomeka, na kabla ya hapo haruhusiwi kurudi mchezoni. Mkabaji naye, mpaka akirudishe kitambaa na arudi upande wake wa mpira, hachezi.

Timu yenye mpira inahesabiwa tegi sita. Ikinyofolewa ya saba kabla ya kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukipigwa mbele au ukadondoshewa mbele, vivyo hivyo. Mchezo unaanza tena kwa pasi ya bure, na wakabaji wanarudi nyuma mita 7. Kwenye uwanja mdogo wa watoto, 5 zinatosha.

Hesabu hiyo ya tegi ndiyo inayommaliza yule mvulana mmoja mwenye mbio ambaye kwenye chandimu angekata mbuga peke yake kipindi kizima. Mara ya kwanza atapita. Mara ya pili watamjua, watanyofoa kitambaa chake, na sekunde tatu zitamlazimisha kumtafuta mtu nyuma yake. Kama hakuna aliyemfuata, mpira unapotea. Darasa linajifunza bila mahubiri kwamba mbio za mtu mmoja hazitoshi.

Kupasi nyuma kunaanza kwa kutembea

Makosa mengi huzaliwa pale mwalimu anapowatupa watoto moja kwa moja kwenye mechi. Watapiga pasi ya mbele, filimbi italia kila sekunde kumi, na wote watachoka. Ni bora siku ya kwanza mpira usiwepo kabisa: watoto wawindane vitambaa tu ndani ya boksi la mita 20 kwa 20. Hapo wanazoea kunyofoa bila kushika nguo na kukwepa kwa chenga bila kukinga kwa mkono.

Siku ya pili mpira unaingia, lakini kwa kutembea. Watoto wanne wanasimama mshazari kama ngazi: wa kwanza mbele, wa pili hatua mbili nyuma yake na tatu pembeni, hivyo hivyo mpaka wa nne. Wanatembea kwenda mbele wote. Wa kwanza anashika mpira kwa mikono miwili, anageuza kifua kwa mwenzake, na anauachia mpira huku vidole vyake vinamwonyesha anakokwenda. Mpokeaji ameinua mikono usawa wa kifua, viganja wazi. Mpira ukifika kwa wa nne, ngazi inageuka upande na kuanza tena.

Mpira wa raga wa umbo la yai ukiwepo, watoto wa umri huu wanatumia saizi ya 3 au ya 4. Usipokuwepo, mpira wa soka saizi ya 4 au wa matambara unatosha kuanzia. Kinachopungua ni uzoefu wa kudaka umbo lile. Kanuni ya kupasi ni ile ile.

Kwenye zoezi hili wasichana wengi waliocheza netiboli wanaanza wakiwa mbele ya wavulana. Wamezoea kudaka kwa mikono miwili na kuachia mpira haraka, wakati mvulana wa soka anapokea mpira wa kifuani kama vile anataka kuutuliza kwa kifua. Mwalimu akiwapanga wacheza netiboli nafasi ya pili na ya tatu kwenye ngazi, pasi zinatembea, na wavulana wanaona wenyewe mkono unavyofanya kazi.

Pasi ya mbele itambuliwe vipi? Mwalimu asisimame nyuma ya wachezaji, maana huko kila pasi inaonekana ya nyuma. Akae pembeni, usawa wa mwenye mpira, kama mshika kibendera anavyokaa usawa wa beki wa mwisho. Aangalie mikono imeelekeza wapi na mpokeaji alikuwa wapi mpira ulipoachiwa. Mikono ikiuelekeza mpira nyuma na mpokeaji akiwa nyuma ya mpasiaji, pasi ni halali.

Anayekimbia bila mpira

Mashabiki wa soka wanaijua kazi hii kwa beki wa pembeni anayepanda kumzunguka winga wake. Kwenye raga anayekuja kusaidia anatokea nyuma, na umbali ndiyo siri yake. Akiwa sambamba na mwenye mpira, hatua moja tu ya haraka itamweka mbele na hatakuwa na faida. Akiwa nyuma mita 3 hadi 5, na pembeni kama mita 3, ana nafasi ya kuongeza kasi na kuupokea mpira akiwa kwenye mbio.

Dalili ya kosa iko wazi hata kwa asiyeujua mchezo. Tazama miguu ya mpokeaji wakati anadaka. Ikiwa imesimama, au amegeuza shingo kuutafuta mpira nyuma yake, alikuwa karibu mno na mstari. Ikiwa inakimbia kwenda mbele, alikaa pazuri. Dalili ya pili ni ya timu nzima: baada ya pasi tatu, kama wako nyuma kuliko walipoanzia, wanapasi bila kukimbia. Pasi ya nyuma ina maana tu ikiwa kila anayeupokea mpira anaupeleka mbele kwanza.

Zoezi lake ni wawili dhidi ya mmoja, ndani ya njia yenye upana wa mita 10 na urefu wa 20. Mwenye mpira hamkimbii mkabaji, anamfuata. Anakimbilia bega lake moja ili amlazimishe kuchagua: aje kunyofoa, au abaki katikati. Mkabaji akija, pasi inatoka kabla mkono haujafika kwenye kitambaa, na mwenzake anapita. Mkabaji akibaki, mwenye mpira anakwenda mwenyewe. Watoto wengi wanapasi mapema mno, mkabaji akiwa bado mita 6 mbali, naye anahamia kwa mpokeaji bila taabu.

Darasa la watoto 48

Tuchukue darasa moja la watoto 48 na kipindi cha dakika 40. Uwanja wa kawaida wa soka unagawanywa mara nne, kila kipande kikiwa na mita kama 40 kwa 25, kwa vijiti au majivu. Kila kipande kinapata watoto 12: timu mbili za watu watano, na wawili waliobaki. Wa kwanza anahesabu tegi kwa sauti, wa pili anakaa usawa wa mpira kutazama pasi ya mbele. Kila baada ya dakika nne hawa wawili wanaingia na wengine wawili wanatoka. Vitambaa vinavyohitajika ni 80, na mkanda wa ziada hausubiriwi na mtu.

Sasa tazama shambulizi moja. Namba 1 anaanza katikati na kukimbia moja kwa moja. Mita 8 mbele ananyofolewa kitambaa. Wenzake wawili, namba 2 kushoto na namba 3 kulia, wako mita 4 nyuma yake. Anasimama, anampa namba 3. Hapo hapo kuna kitu kimetokea ambacho watoto hawakioni mpaka waonyeshwe: mkabaji aliyenyofoa ameshika kitambaa, hachezi, na pale alipokuwa amesimama kuna mwanya.

Namba 3 akikimbia kwenda pembeni, anaukimbia mwanya huo na kuingia mikononi mwa mkabaji wa pili. Akikata kuelekea pale kitambaa kilipotoka, anapita katikati. Mkabaji wa jirani analazimika kuhama kumfuata, na akihama anamwacha namba 4 peke yake upande wa kulia. Tegi ya pili, pasi, namba 4 anakwenda kugusisha mpira chini. Shambulizi zima limechukua tegi mbili kati ya sita, na pasi zote zimekwenda nyuma.

Kama namba 3 na namba 4 wangekuwa wamesimama wakiangalia mbio za namba 1, sekunde tatu zingeisha naye angeutupa mpira popote. Ndiyo sababu mwalimu anayejua asimpigie kelele mwenye mpira. Amtazame wa tatu na wa nne.

Wasichana wasiwe abiria

Mwalimu anayeona mpira unazunguka kwa wavulana watupu hushawishika kuweka sheria kwamba lazima msichana aguse mpira kabla ya trai. Nia ni njema, matokeo siyo. Wavulana watampa binti mpira kwa mkono akiwa amesimama, watauchukua tena, na hesabu itakuwa imetimia. Amegusa, hakucheza.

Sheria zinazofanya kazi ni zile zisizotaja jinsia. Aliyefunga trai asifunge tena mpaka mwenzake mwingine afunge. Au aliyenyofolewa asipokee pasi inayofuata. Hapo timu inalazimika kumwandaa kila mtu, na binti mwenye mikono ya netiboli anakuwa mtu wa kutafutwa, siyo wa kukumbukwa. Timu zipangwe kwa mbio pia: wenye kasi wagawanywe kwanza, kisha wengine, bila kuwaacha watoto wachaguane wenyewe.

Kuna kikomo cha yote haya. Raga ya tegi haifundishi kumwangusha mtu kwa usalama, na mtoto anayekwenda kwenye raga ya kugusana anahitaji kufundishwa hilo upya na mtu anayelijua. Wala kitambaa hakimfanyi mtu kuwa mchezaji wa Kenya, iliyoifunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016. Kinachobaki kwa mtoto wa Chole ni kidogo zaidi na kinaonekana haraka: anajua aende wapi wakati hana mpira.

Na hilo shabiki anaweza kulipima mwenyewe. Watoto hao wakirudi kwenye soka yao wiki inayofuata, amwangalie winga akifika mstari wa goli. Kama wote wamekimbilia kwenye goli na kusimama mbele ya mpira, somo halijaingia. Kama mmoja amechelewa makusudi, akabaki mita kadhaa nyuma na kuanza kukimbia pale tu winga anapoinua kichwa, huyo ameelewa.